Bathdei kugongana kwenye darasa la watu 45: hesabu ya haraka, na mahali inakosea

Chukua darasa la sekondari la watoto 45, iwe ni Kisumu, Kakamega ama Nakuru, halafu uliza kama kuna wawili waliozaliwa tarehe moja na mwezi mmoja, mwaka tuachane nao. Watu wengi wanajibu haraka haraka kwamba siku ni 365 na watoto ni 45 tu, kwa hivyo uwezekano ni mdogo. Ukweli ni kwamba uwezekano ni asilimia 94. Sisi wa takwimu tunaulizwa hii kitu mara nyingi na walimu, na swali lenye linafuata ni hili: unaipata aje bila kuzidisha sehemu 44 moja moja kwenye kalkuleta? Kuna njia ya mkato inatumia kitufe cha e^x, na ni nzuri sana, lakini kama unaitumia lazima ujue inakosea kwa kiasi gani na inakosea kuelekea wapi, la sivyo unabeba tu namba usiyoielewa.

Tuanze na njia kamili. Ni rahisi kuhesabu uwezekano wa kwamba hakuna mtu anagongana na mwingine, halafu tutoe kwa 1. Mtoto wa kwanza ana siku yake. Wa pili lazima akwepe siku moja, kwa hivyo uwezekano wake ni 364/365, wa tatu akwepe mbili, 363/365, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Zote unazizidisha. Hapa tunachukulia kila siku ya mwaka ina nafasi sawa na 29 Februari tumeiweka kando, na kwa watu wa kawaida hiyo haiharibu kitu kikubwa, nitarudi hapo.

Sasa angalia hizo sehemu. 364/365 ni sawa na 1 − 1/365, ya pili ni 1 − 2/365, ya tatu 1 − 3/365. Kila moja ina sura ya 1 − x ambapo x ni kadogo. Na kama x ni kadogo, 1 − x inakaribiana sana na e^(−x). Jaribu mwenyewe: 1 − 1/365 ni 0.997260, na e^(−1/365) ni 0.997264, tofauti iko kwenye desimali ya sita. Faida yake inatokea pale tunapozidisha, kwa sababu e kwa kipeo ukizidisha na e kwa kipeo kingine unajumlisha vipeo tu. Ile safu ndefu ya kuzidisha inageuka kuwa kujumlisha 1 + 2 + 3 mpaka n − 1, na hiyo jumla kila mtu wa sekondari anaijua, ni n(n−1)/2. Basi uwezekano wa kutogongana ni karibu

```
e^(-n(n-1)/730)
```

na hiyo n(n−1)/2 sio namba ya bahati, ni idadi ya jozi zote unazoweza kutengeneza kwenye kikundi. Hapo ndio siri ya kwa nini watu wanabahatisha vibaya: wanahesabu vichwa 45 wakati zinazogongana ni jozi, na watoto 45 wana jozi 990. Kila jozi ina nafasi moja kwa 365 ya kugongana. 990 kugawanya kwa 365 ni 2.712, e^(−2.712) ni 0.0664, toa kwa 1 unapata 0.9336. Jibu kamili ni 0.9410. Tumekosea kwa pointi 0.7 ya asilimia, na tumebonyeza kalkuleta mara chache tu.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa watu 23, kwa sababu hapo ndio uwezekano unavuka nusu. Jozi ni 253, gawanya kwa 365 unapata 0.69315, na huyo anayekumbuka logi ya asili ya 2 ataona mara moja kwamba ni 0.69315 pia, kwa hivyo e^(−0.69315) inakaa nusu kabisa, makadirio yanasema 0.5000. Kamili ni 0.5073. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe na una kompyuta yenye Python, hii inatosha, badilisha tu n:

```python
import math
n = 23
p = 1
for k in range(n):
    p = p * (365 - k) / 365
print(1 - p, 1 - math.exp(-n*(n-1)/730))
```

Namba ya kwanza inayotoka ni ya kweli, ya pili ni ya mkato.

Ukijaribu n tofauti tofauti utagundua namba ya mkato iko chini kila wakati, hakuna hata siku moja inapita. Na kuna sababu. Aliyesoma binomia Form Three anajua kwamba unapoacha vile vipande vya mbele vya mpanuo unatupa kitu, na hapa ni vivyo hivyo: e^(−x) ni 1 − x, halafu ongeza x²/2, na kadhalika, kwa hivyo e^(−x) ni kubwa kuliko 1 − x kila mahali isipokuwa x ikiwa sufuri. Tumebadilisha kila sehemu na kitu kikubwa kidogo, kwa hivyo uwezekano wa kutogongana umevimba, na wa kugongana umepungua. Hii ni habari njema kwa mtumiaji, maana ukipata 0.9336 unajua ukweli uko juu ya hapo, sio chini. (Wengine hurahisisha zaidi wakaandika n² badala ya n(n−1). Mimi simshauri mtu, kwa watu 23 inakupa 0.5155, yaani sasa umepita juu na ile faida ya kujua mwelekeo wa kosa umeitupa, na kazi uliyookoa ni ya kutoa moja tu.)

Kosa lenyewe linakua aje? Kwa watu 10 ni dogo sana, 0.1160 dhidi ya 0.1169. Kwa 23 ni pointi 0.7, kama tulivyoona. Linafika kilele karibu na watu 33 au 34, ambapo ni pointi 1.03 ya asilimia, halafu linaanza kushuka, kwa watu 50 ni nusu pointi tu. Kwa hivyo kwa siku 365 hii njia ya mkato haiwezi kukukosesha zaidi ya hiyo pointi moja na kidogo, na kwa darasa hiyo inatosha kabisa.

Lakini hapa usilale. Kosa kushuka baada ya 34 haimaanishi makadirio yanakuwa bora, inamaanisha tu kwamba uwezekano wa kutogongana wenyewe umebaki kidogo kwa hivyo hata ukiukosea sana tofauti haionekani. Angalia watu 50 kutoka upande wa pili. Mkato unasema uwezekano wa kukosa jozi hata moja ni 3.49 kwa mia, ukweli ni 2.96. Hiyo ni karibu asilimia 18 juu ya ukweli. Kama swali lako ni «wanagongana?» hakuna shida, lakini kama kazi yako inategemea uwezekano wa kutogongana, kwa mfano mtu anatoa namba za siri kwa bahati nasibu na anataka zisirudiane, basi 18 kwa mia ni kosa kubwa.

Dawa yake sio ngumu. Kile kipande cha kwanza tulichokitupa tunakirudisha. Logi ya 1 − x ni −x halafu toa x²/2, kwa hivyo kwenye kipeo tunaongeza jumla ya miraba, yaani (n−1)n(2n−1)/6, ukiigawanya kwa 2 × 365², ambayo ni 266450. Kwa watu 23 miraba inajumlika 3795, ukigawanya unapata 0.0142, kipeo kinakuwa 0.7074 badala ya 0.6932, na jibu linakuwa 0.5071. La kweli ni 0.5073. Kutoka kosa la pointi 0.7 tumefika 0.02.

Sasa kuna mahali haya yote yanavunjika, na huku kwetu panakutana na watu kabisa. Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, na wakati wa kujaza fomu wanaandikiwa 1 Januari. Tuseme una chama cha wazee 10, na tuchukulie kila mmoja ana nafasi asilimia 10 ya kuwa ameandikwa 1 Januari, zilizobaki zimesambaa sawa kwenye siku 364. (Hiyo 10 nimeichagua kwa mfano tu.) Nafasi ya jozi moja kugongana sasa ni 0.1 × 0.1, ujumlishe 0.9 × 0.9 gawanya kwa 364, jumla 0.0122, zaidi ya mara nne ya ile 1/365. Zidisha kwa jozi 45 unapata 0.55, e^(−0.55) ni 0.577, kwa hivyo mkato unasema uwezekano wa kugongana ni 0.423. Jibu kamili ni 0.342. Tumekosea pointi nane, na safari hii tumekosea kwenda juu!

Sababu ni kwamba ile fomula inachukulia jozi hazijuani. Kwa siku 365 zilizo sawa hiyo ni kweli vya kutosha. Lakini kukiwa na siku moja nzito, migongano inakuja kwa mafungu: wazee watatu wakiwa wa 1 Januari hizo ni jozi tatu kwa mpigo, nne ni jozi sita. Wastani wa jozi unapanda juu kwa sababu ya hayo mafungu machache makubwa, wakati swali letu lilikuwa tu kama kuna angalau jozi moja. Njia ya kutambua mapema ni kuangalia ile siku nzito peke yake: hapa unategemea mtu mmoja kati ya kumi awe wa 1 Januari, na mara tu hiyo namba inakaribia moja, usiamini mkato. Tofauti ndogo ndogo za misimu, mwezi huu watoto wengi kidogo kuliko ule, hazifiki hapo, zinasogeza jibu juu kidogo sana.

Cha kufanya ni kutenganisha. Ili pasiwe na mgongano, wa 1 Januari lazima awe hakuna ama mmoja tu. Uwezekano wa hakuna ni 0.9^10, yaani 0.3487, na hapo wote 10 wako kwenye siku 364 ambazo ziko sawa, mkato unafanya kazi vizuri: e^(−45/364), 0.8837. Uwezekano wa mmoja ni 10 × 0.1 × 0.9^9, yaani 0.3874, na wanabaki 9 wenye jozi 36: e^(−36/364), 0.9058. Zidisha kila upande, jumlisha, unapata 0.659, toa kwa 1 ni 0.341, dhidi ya 0.342 ya kweli.