Zile namba ndani ya mkono wa miwani

Ndani ya mkono wa miwani yangu pameandikwa 52 □ 18 140. Ndiyo nguvu ya lenzi zangu?

Hapana. Ni saizi ya fremu kwa milimita: 52 ni upana wa lenzi moja, 18 ni nafasi ya pua kati ya lenzi mbili, 140 ni urefu wa mkono kutoka bawaba hadi ncha ya nyuma ya sikio. Nguvu ya lenzi huwa na alama ya kujumlisha au kutoa, kama -2.00, na utaikuta kwenye karatasi ya vipimo. Miwani ya kusomea inayouzwa tayari huweza kuchapwa nguvu mkononi, mfano +2.50. Tazama alama.

Basi nikinunua nyingine yenye namba hizohizo nitaona vizuri?

Hapana, tena hapana. Ndugu wawili wanaweza kuvaa 52 □ 18 140, mmoja haoni mbali, mwingine haoni karibu. Bado watu wanaazimana miwani eti "namba zinafanana". Wengine hupiga picha mkono, wakaagiza, na miaka ikapita jicho halijapimwa. Presha ya jicho mara nyingi haiumi wala haitoi dalili mwanzoni, na uoni uliopotea kwa sababu yake haurudi. Nasema tena: namba ya fremu si kipimo cha macho. Uoni ukififia ghafla, achana na fremu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa namba hizo zina kazi gani?

Kuchagua fremu inayokufaa. Binti mmoja mwenye -6.00 alikuja na 56 □ 18 145. Lenzi zilikuwa nene pembeni, miwani inateleza kutwa. Mboni zake zimeachana milimita 60. Jumlisha 56 na 18, unapata 74, zimezidi 14. Maana yake kitovu cha kila lenzi kilibidi kisogezwe milimita 7 kuelekea puani, na ule upande mnene wa nje ukabaki kwenye fremu. Tukamchagulia 48 □ 18 140. Jumla 66, kila lenzi inasogezwa 3 tu. Ikawa nyembamba na nyepesi. Ile 18 hatukuigusa kwa kuwa pua yake haikubanwa, na mkono ulifupishwa kwa sababu kunjo lilikuwa likipita nyuma ya sikio. Ikikuachia alama nyekundu puani, tafuta namba ya katikati iliyo kubwa zaidi, isipokuwa ina vipedi vya kukunjika. Hivyo fundi huvirekebisha.

Namba zimefutika. Nifanyeje?

Chukua rula. Pima lenzi kwa mlalo, palipo papana kabisa, kisha nafasi fupi kabisa kati ya lenzi. Mkono upime ukifuata kunjo lake, usikate njia. Umbali wa mboni usijipimie kwenye kioo; mwambie anayekupima macho akuandikie.