Barua pepe ya malalamiko kazini: toa "nahisi", weka tarehe

Barua pepe ya malalamiko ikishafika ofisi ya rasilimali watu haiishii kwa aliyeipokea. Nilifanya kazi upande huo wa meza kabla sijaanza kuwasaidia wafanyakazi hapa Kigoma kupanga maandishi yao, na najua kinachofuata: anayelalamikiwa hupewa nafasi ya kujibu, mara nyingi akiwa na nakala ya barua yenyewe mkononi. Naye hajibu kwa mpangilio wako. Anatafuta sentensi iliyo dhaifu kuliko zote na kuanza nayo. Ukiandika mambo manne uliyoyaona na la tano la kukisia, utaletewa kurasa mbili za kukanusha hilo la tano, na yale manne yatapita bila kuguswa.

Nitaonyesha kwa barua moja. Aliyeiandika ni karani wa ghala karibu na bandari, wanaposhusha na kupakia mizigo inayovuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Ameniruhusu kuitumia, nimebadilisha tarehe na mambo madogo asitambulike. Aliniletea ikiwa hivi:

"YAH: WIZI WA OVATAIMU NA UNYANYASAJI. Husika na somo tajwa hapo juu. Msimamizi wetu wa zamu huwa anatukata masaa kwa makusudi kwa sababu anapendelea watu wa kwao, na nahisi hizo pesa anagawana na mhasibu. Mwezi uliopita nilifanya kazi hadi saa mbili na zaidi siku nyingi lakini nimelipwa kidogo sana. Amefuta masaa yangu kwenye daftari. Juzi niliambiwa nikilalamika nitafukuzwa. Kila mtu hapa anajua tabia yake. Naomba haki itendeke."

Hasira yake ina msingi, na humo ndani kuna malalamiko mazuri. Ila ofisa akiisoma hana pa kushika. Siku nyingi ni zipi? Kidogo ni kiasi gani? Aliyeambia ni nani?

Nilimwomba achukue kalamu tatu za rangi na kupitia kila sentensi. Aliyoyaona au kuyasikia mwenyewe, ayapigie mstari wa buluu. Aliyosimuliwa na mtu mwingine, kijani. Aliyoyafikia kwa kuunganisha mambo kichwani, nyekundu. "Kwa makusudi" ikawa nyekundu, "anapendelea watu wa kwao" nyekundu, "anagawana na mhasibu" nyekundu. "Kila mtu anajua" ikawa kijani, na nilipomuuliza kila mtu ni nani, wakabaki wawili.

Iliyomshangaza ni "amefuta masaa yangu kwenye daftari". Alikuwa na hakika nayo. Nikamuuliza, "Ulimwona akifuta?" Hakumwona. Alichokiona ni mstari uliokata saa aliyoiandika mwenyewe, na juu yake saa nyingine kwa wino tofauti. Daftari hukaa mezani kwa msimamizi, basi akili ikamaliza safari. Lakini yapo mambo mawili ya kweli hapo, nayo yanatosha: daftari limekatwa, na daftari hukaa pale. Msomaji atayaunganisha mwenyewe, na akishayaunganisha hawezi kukushtaki kwamba umemsingizia mtu.

"Sasa dada," akaniuliza, "nikiyatoa yote mekundu si nitakuwa nimewasaidia wao?"

Swali la haki. Shaka yenye maana haitupwi, inageuzwa kuwa ombi. Kama unashuku kwamba saa zinapotea kati ya daftari na malipo, omba kumbukumbu mbili au tatu zilinganishwe. Mahudhurio pale ghalani yanaandikwa daftarini na pia kwenye mashine ya alama za vidole, kisha mhasibu ana orodha ya malipo. Zikiwekwa pamoja, kilichofichika kitajitokeza, na kama hakipo utakuwa hujamwita mtu mwizi. Hilo la upendeleo wa watu wa kwao nilimsihi alitoe kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu anakotoka, kwa hiyo ni tuhuma nzito ambayo ofisi lazima iichunguze kwa uzito wake, naye hakuwa na saa za mfanyakazi mwingine hata mmoja za kulinganisha na zake. Siku akiwa nazo, ni barua nyingine.

Kazi kubwa ilikuwa tarehe. Lugha yetu inatupa njia nyepesi ya kusema jambo bila siku: huwa anatukata, hutufokea, kila mara anachelewesha. Mazungumzoni inatosha. Kwenye malalamiko, kila "huwa" lazima ivunjwe kuwa siku unazoweza kuzitaja. Kama ni tatu tu, andika tatu. Ofisa anaamini siku tatu zilizoandikwa vizuri kuliko "miezi yote". Ondoa pia jana, juzi na mwezi uliopita, kwa sababu barua hii inaweza kusomwa tena baada ya nusu mwaka na mtu ambaye hajui juzi yako ilikuwa lini. Na kila "niliambiwa" irudishiwe msemaji wake.

Halafu kuna saa. "Hadi saa mbili" kwetu ni usiku wa kawaida, lakini mashine ya vidole imeandika 20:00, na aliye makao makuu anayesoma kwa haraka anaweza kudhani 02:00 au 14:00. Andika zote mbili. Hapa si urembo: kisheria usiku unaanza saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na saa za usiku zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, wakati muda wa ziada unalipwa si chini ya mara moja na nusu. Saa ikisomwa vibaya, hesabu yote inahama. Mimi hupendelea mlalamikaji ataje saa, shilingi amwachie mhasibu azikokotoe. Ukikosea kuzidisha, kosa lako la hesabu ndilo litakalojibiwa kwanza.

Siku mbili alizikumbuka bila shida kwa sababu alikuwa ameziandika kwenye kijitabu chake usiku uleule. Ya tatu ilimtoroka. Alijua ni wiki ya pili ya Juni. Tukaitafuta kwenye simu. Kulikuwa na ujumbe kwa mdogo wake, "nimechelewa, we pika tu", uliotumwa Jumatano tarehe 11 saa 21:05. Usipopata ushahidi wa namna hiyo, andika "kati ya tarehe 9 na 12 Juni" na uache hivyo. Tarehe ya kubahatisha ikigundulika si sahihi, huangusha na zile sahihi.

Barua iliyotumwa ilikuwa hii:

"Yah: Tofauti ya saa za ziada, Juni 2025

Ndugu Ofisa Rasilimali Watu,

Mimi ni karani wa ghala, zamu ya saa 2:00 asubuhi (08:00) hadi saa 11:00 jioni (17:00). Mwezi Juni 2025 nilibaki kazini baada ya zamu, kwa maelekezo ya msimamizi wa zamu, siku zifuatazo:

Jumanne 3 Juni, hadi saa 2:00 usiku (20:00): saa 3.
Jumatano 11 Juni, hadi saa 3:00 usiku (21:00): saa 4.
Alhamisi 19 Juni, hadi saa 1:30 usiku (19:30): saa 2 na nusu.

Jumla ni saa 9 na nusu. Hati ya mshahara niliyopokea Jumatatu 30 Juni inaonyesha saa 3 za ziada.

Ijumaa 20 Juni, kama saa 2:10 asubuhi (08:10), niliona kwenye daftari la mahudhurio kwamba muda wangu wa kutoka wa tarehe 19 umekatwa kwa mstari na kuandikwa 17:00. Sikumwona aliyeandika. Daftari hukaa mezani kwa msimamizi wa zamu.

Jumatatu 23 Juni, kama saa 4:20 asubuhi (10:20), nilimuuliza msimamizi kuhusu jambo hili mlangoni mwa ofisi yake. Alinijibu: 'Ukiendelea kuulizia masaa, mkataba wako hautahuishwa.' Karani mwenzangu alikuwepo na amekubali kutajwa mkihitaji.

Naomba daftari, kumbukumbu za mashine ya vidole na orodha ya malipo ya Juni zilinganishwe, na nijibiwe kwa maandishi ifikapo Ijumaa 18 Julai 2025. Nimeambatisha hati yangu ya mshahara."

Angalia hicho kitisho. Kwenye rasimu kilikuwa "nitafukuzwa". Nilipomtaka anirudie maneno kama yalivyotoka kinywani mwa msimamizi, neno kufukuzwa halikuwemo. Ulikuwa mkataba kutohuishwa. Kwa aliyetishwa ni kitu kilekile, lakini msimamizi angeapa mbele ya yeyote kwamba hakutamka kufukuza, na angekuwa anasema kweli. Maneno yawekwe kwenye alama za kunukuu iwapo tu unayakumbuka hivyo. Vinginevyo andika "alisema maneno yenye maana kwamba".

Na ile "sikumwona aliyeandika" hakutaka iwemo. Ikabaki. Msomaji akiona umekiri usichokijua, anapata sababu ya kuamini unachosema unakijua.

Kuhusu viambatisho nina ukali kidogo: hati yako ya mshahara ni yako, ya mwenzako si yako hata kama iliachwa wazi kwenye printa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na nimeona malalamiko ya haki yakigeuka kuwa kikao cha nidhamu cha mlalamikaji kwa picha moja ya namna hiyo. Ukurasa wa daftari wenye majina ya wenzako usiupige picha ukaambatisha. Taja tarehe ya ukurasa na uombe waulete wao.

Tarehe ya kujibiwa aliyoiweka mwisho ina kazi yake. Migogoro ya kazi isiyohusu kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Ya kuachishwa kazi ni siku 30. Anayengoja majibu ya ndani bila kuweka siku anaweza kukuta muda umekwisha wakati bado anaambiwa "tunalifanyia kazi".

Kama anwani unayotumia ni ya kampuni, weka yako binafsi kwenye Bcc, maana anwani ya kazini hufungwa siku unayoondoka. Ukigundua kosa baada ya kutuma, usiandike upya kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Jibu kwenye barua ileile: "Marekebisho: tarehe 11 Juni nilitoka saa 3:05 usiku (21:05), si saa 3:00." Karani wetu alituma ya namna hiyo siku ya pili.