Uzi wa posti: kuukata na kuupangia saa bila vipande kuchanganyika

Uzi ni andiko moja refu lililokatwa vipande, kila kipande kikatumwa kama jibu la kile kilichokitangulia. Namba tunazoandika, 1/8, 2/8 na kuendelea, ni za macho ya msomaji tu. Mtandao hauzisomi. Kinachoushika uzi ni kitambulisho: kila posti ikishachapishwa hupewa namba yake ya pekee, na posti inayofuata hutaja namba hiyo kuwa ndiyo inayojibu.

Tuchukue andiko la herufi 1,900, nafasi na alama zikiwemo, linalokwenda X kwenye akaunti ya kawaida yenye kikomo cha herufi 280. "1/8 " pamoja na nafasi yake inakula herufi 4, zinabaki 276. Ukigawanya, 1,900 kwa 276 ni kama vipande 7. Lakini hakuna anayekata katikati ya neno, na mwandishi makini hakati katikati ya sentensi pia, kwa hiyo kila kipande huacha nafasi tupu mwishoni, na kwa kawaida utafika 8. Ndiyo maana namba huandikwa mwisho, baada ya kukata, kwa sababu jumla hujaijua bado. Ukihisi vipande vitavuka 9, tenga herufi 6, maana "10/12 " inahitaji hizo. Kiungo hesabia 23 hata kikiwa kirefu namna gani, emoji hesabia 2. Mastodon kikomo cha kawaida ni 500 na Bluesky ni 300, hivyo uzi uliokatwa kwa ajili ya X usihamishwe ukiwa na namba zilezile kama umeunganisha vipande upya.

Ugumu wenyewe uko kwenye kupanga saa. Wengi hupanga kila kipande peke yake: cha kwanza 19:00, cha pili 19:01, cha tatu 19:02. Hapo uzi haupo, zipo posti nane zinazofuatana kwa saa. Kimoja kikichelewa kwenye foleni, cha tano kinatoka kabla ya cha nne. Wala huwezi kuviunganisha mapema, kwa kuwa posti ambayo haijachapishwa haina kitambulisho cha kujibiwa. Mastodon inalionyesha hili waziwazi: ukituma posti yenye `scheduled_at` (iwe angalau dakika tano mbele), unarudishiwa kitambulisho cha ratiba, si cha posti. Ukikiweka kwenye `in_reply_to_id` ya kipande kinachofuata, ombi linakataliwa.

Kwa hiyo panga saa moja tu, ile ya kuanza. Saa hiyo ikifika, programu itume kipande cha kwanza, ingoje jibu la mtandao, ichukue kitambulisho, ndipo itume cha pili:

```
mzazi = None
for kipande in vipande:
    jibu = tuma(kipande, in_reply_to_id=mzazi)
    mzazi = jibu["id"]
    time.sleep(3)
```

Mstari wa nne ndio wenye kazi. Ukiufuta, `mzazi` inabaki None na kila kipande kinatoka peke yake bila kujibu chochote. Ukiweka kitambulisho cha kwanza tu bila kukihamisha, vipande vyote vitajibu cha kwanza, na mtandao utavipanga unavyotaka wenyewe. Kuyatambua makosa haya ni rahisi: fungua kipande cha 5 peke yake utazame juu yake. Ukikuta cha 1 badala ya cha 4, au usipokuta kitu, uzi umekatika.

Hitilafu nyingine hutokea muunganisho ukikatika katikati. Programu imetuma cha 4, jibu halikurudi, nayo haijui kama kimetoka. Ikituma tena huenda cha 4 kikaonekana mara mbili, na ikikiruka, cha 5 kitamjibu cha 3. Njia salama ni kusimama hapo, kuangalia akaunti, kisha kuendelea na kitambulisho sahihi. Kwenye Mastodon kuna kinga: tuma kila kipande na `Idempotency-Key` yake, na ukirudia muda mfupi baadaye kwa ufunguo uleule unarudishiwa posti ileile, haizaliwi nyingine. Uzi unaotolewa kipande kimoja kwa siku unadai jambo la ziada: kitambulisho cha mwisho kihifadhiwe kwenye faili, maana programu ikizimwa inasahau yote.

Angalia na saa yenyewe. Saa moja usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 19:00, na seva nyingi huhesabu kwa UTC, ambako ni 16:00. Kwenye seva ya namna hiyo, uzi wa kila Jumanne saa moja usiku unaandikwa hivi kwenye cron, programu ya seva inayoendesha kazi kwa saa iliyopangwa:

```
0 16 * * 2 python3 uzi.py
```

Ukiandika 19 hapo, uzi utatoka saa nne usiku. Ukiandika 1, utatoka saa kumi alfajiri.