Leso iliyochakaa haifuliwi

Wako wanaotwambia: "Nguo kuukuu ni matambara tu. Makumbusho yaweke za harusi."

Mabibi na mabwana, karibuni Lamu. Nguo ya harusi huvaliwa mara chache ikarudi sandukuni. Yatueleza sherehe, basi. Itazameni leso hii. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, umepauka upande mmoja, pindo limelika pale linapochomekwa kiunoni, na kiraka kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Sisi wa makumbusho kila alama twaiandika: iko wapi, ina sentimita ngapi, mshono ni wa mkono au wa cherehani. Jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye leso, likisomeka, twalinakili lilivyo. Na hatuifui kwanza, maana maji na sabuni huondoa jasho na chumvi, nao ndio ushahidi. Doa twaliandikia rangi na umbo. Kusema "huu mchuzi" kwa kuangalia tu ni kubahatisha.