Kidole cha pete na cha shahada: mkunjo mmoja unavyogeuza usomaji wote

Wasomaji wa viganja huanza na jambo jepesi: kipi kirefu, kidole cha shahada au cha pete? Kwao shahada ni kidole cha Mshtarii, yaani ukubwa na uongozi, na cha pete ni cha Jua, yaani sanaa, mvuto na kupenda kubahatisha. Siku hizi wengi huongezea kwamba "sayansi imethibitisha", kwa sababu kidole cha pete kirefu ni alama ya kupata testosteroni, yaani homoni ya kiume, nyingi tumboni mwa mama. Ndani ya dai hilo kuna utafiti wa kweli. Lakini kabla ya kuugusa, tupime kwanza, maana makosa mengi huanzia hapo.

Jicho halifai. Vidole havianzii kwenye mstari mmoja wa kiganja, kwa hiyo ncha iliyo juu si lazima iwe ya kidole kirefu. Isitoshe, ukiinamisha vidole kidogo upande wa gumba au upande wa kidole cha mwisho, ncha hizo mbili hubadilishana nafasi. Ndiyo maana mtu mmoja huambiwa leo ana pete ndefu na kesho ana shahada ndefu, na mkono ni ule ule.

Watafiti hupima upande wa kiganja, kidole kikiwa kimenyooka, kuanzia mkunjo wa chini kabisa unaopakana na kiganja hadi kwenye ncha ya nyama. Kucha haihesabiwi. Chombo ni kalipa ya vernia, ile wanayotumia mafundi mashine; rula ya shule haitoshi. Urefu wa shahada unagawanywa kwa urefu wa pete. Jibu likiwa chini ya 1, pete ni ndefu.

Sasa chukulia mkono wa kulia wa mvuvi pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Shahada ina milimita 70.4, pete 73.1. Uwiano ni 0.963. Lakini tazama shina la kidole cha pete: mara nyingi lina mikunjo miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukianzia ule wa juu, ulio milimita 3 mbele, pete inakuwa 70.1 na uwiano unaruka hadi 1.004. Mvuvi yule yule amehama kutoka kundi moja la wasomaji wa viganja kwenda jingine bila kidole kukua wala kupungua. Hata kosa dogo lina uzito: ukikosea nusu milimita tu kwenye shahada, ukaandika 70.9, unapata 0.970. Ukumbuke kwamba tofauti ya wastani kati ya wanaume na wanawake, katika tafiti nyingi, ni kama 0.01 hadi 0.02. Kwa hiyo kosa la nusu milimita linakula sehemu kubwa ya kile unachokitafuta. Dawa yake ni kupima mara mbili, mara ya pili bila kuangalia namba ya kwanza. Majibu yakipishana zaidi ya nusu milimita, anza upya.

Kuna mikono ya kuacha kabisa. Kidole kilichowahi kuvunjika kikaunga vibaya, au kilichokakamaa kwa miaka ya kuvuta kamba za nyavu hadi hakinyooki, hakitoi urefu wake. Fotokopi nazo zina hila: nyama ya ncha hubanwa na kioo, na uwiano unaotokana nazo huwa mdogo kuliko wa kupima mkono wenyewe. Usilinganishe namba za fotokopi na za kalipa.

Haya, homoni. Kwamba wanaume kwa wastani wana pete ndefu zaidi, ukiilinganisha na shahada, kuliko wanawake lilikwishaonekana tangu karne ya 19. Aliyelifanya kuwa uwanja wa utafiti ni John Manning, Mwingereza, na wenzake, kwa makala yao ya mwaka 1998. Hoja yao ilikuwa na msingi: jeni za kundi la Hox zinazoongoza ukuaji wa vidole ndizo pia zinazoshughulika na viungo vya uzazi, basi huenda homoni za mtoto tumboni zinaacha alama mkononi. Mwaka 2011 Zheng na Cohn walionyesha njia yenyewe kwa panya: kidole cha nne, yaani cha pete, kina vipokezi vingi zaidi vya homoni hizo kuliko cha pili, yaani cha shahada, na vipokezi vya androjeni, kundi la homoni za kiume, vikizimwa kidole hicho hakirefuki kama kawaida.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi. Utafiti unaotajwa sana ni wa Lutchmaya na wenzake, 2004, uliopima maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kisha vidole vya watoto hao walipofika miaka 2. Watoto walikuwa 33 tu. Uhusiano ulionekana mkono wa kulia, na haukuwa na testosteroni peke yake bali na testosteroni ikilinganishwa na estradioli, homoni ya kike. Anayesema "pete ndefu, testosteroni nyingi" ameshaondoa nusu ya matokeo. Na testosteroni ya mtu mzima, ile ya damu ya leo, haina uhusiano wa kutegemewa na vidole hivi.

Kwangu ushahidi mzito kuliko wote ni wa Berenbaum na wenzake, 2009. Walipima wanawake wenye kromosomu za kiume ambao miili yao haiisikii androjeni hata kidogo, iwe nyingi namna gani. Vidole vyao vilifanana na vya wanawake wengine, na hilo linaiunga mkono nadharia. Lakini uwiano wao ulitawanyika kwa upana ule ule kama wa wanawake wengine: wapo wenye pete ndefu, wapo wenye fupi. Kama androjeni ndiyo ingekuwa inasababisha tofauti kati ya mtu na mtu, hawa wangekaribiana. Hawakukaribiana. Maana yake sehemu kubwa ya tofauti unazoziona ukipanga mikono ya wanawake mezani inatoka kwingine.

Hesabu nayo inasema hivyo hivyo. Tofauti ya wanaume na wanawake ni karibu nusu ya mtawanyiko wa kawaida wa kila kundi, au pungufu kidogo. Ukipewa uwiano pekee ukaambiwa ukisie jinsia ya mwenye mkono, utapatia kama watu 59 kati ya 100. Ukirusha sarafu unapatia 50. Ikiwa jinsia yenyewe inakisiwa hivyo, sijui mtu atasomaje kwenye kidole hicho ndoa au bahati ya biashara ya dagaa.

Wala wastani wa Ulaya hauhamishiki hadi huku. Tofauti kati ya jamii na jamii ni kubwa kuliko tofauti ya jinsia ndani ya jamii moja. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kusini-mashariki ya huku kwetu, walipimwa na Apicella na wenzake, matokeo yakatoka 2016: wanaume hawakuwa na uwiano wa "kiume" kuliko wanawake wao. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni jedwali linalosema chini ya 0.97 ni hivi na juu yake ni vile, uliza kwanza mikono iliyopimwa ilikuwa ya nani, na kipimo kilianzia mkunjo upi.