Nyimbo sita za Kwaresima, kina kimoja

Kwa miaka kadhaa nilitunga nyimbo za Kwaresima moja moja. Kila juma nilisoma Injili ya Dominika ijayo, nikatafuta maneno, nikatafuta na sauti mpya, kisha kwaya ikajifunza kwa haraka wimbo ambao waamini wangeusikia mara moja tu. Nyimbo zenyewe hazikuwa mbaya, ila hazikuwa na undugu. Mtu aliyesali nasi Dominika zote sita hakuweza kujua kwamba alikuwa katika safari moja.

Siku hizi natunga sauti moja kwa Kwaresima nzima, na maneno mapya kila juma. Umbo la ubeti nimelichukua katika utenzi: mishororo minne yenye mizani nane nane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina chake, na wa nne ukibeba kina cha bahari, kile kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina hicho ndicho kinachozifunga nyimbo zote sita.

Kabla ya kuandika neno lolote naorodhesha masomo. Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, ambao ni mwaka unaobakiza moja ukiugawanya kwa tatu, kama 2026, Injili zake ni hizi: Yesu anajaribiwa jangwani, anageuka sura juu ya mlima, anakutana na Msamaria kisimani, anamponya kipofu aliyetumwa kunawa katika birika ya Siloamu, anamwita Lazaro kutoka kaburini, kisha Dominika ya Matawi anaingia mjini Yerusalemu. Nilipoziandika hivyo kwa mfululizo, kina kilijitokeza chenyewe. Jangwani, mlimani, kisimani, birikani, kaburini, mjini. Kila juma lina mahali pake, na mahali kwa Kiswahili panaishia na -ni.

Basi niliamua kwamba mshororo wa nne wa ubeti wa kwanza, kila juma, utaje mahali hapo. Huu hapa wimbo wa Dominika ya tatu, Yohane 4:

Safarini amechoka,
Saa sita imefika,
Jua kali linawaka,
Yesu yupo kisimani.

Amekuja wa mtungi
Na maswali yake mengi,
Naye Bwana hampingi,
Amwambia yeye nani.

Moyo wangu ni mkavu,
Umejaa ulegevu,
Nimechoka, sina nguvu,
Weka chemchemi ndani.

Beti tatu zinanitosha. Wa kwanza unaonyesha mahali, wa pili unasimulia yaliyotokea, wa tatu ni sala ya anayeimba. “Saa sita” nimeitoa kwenye Injili yenyewe, na hapa Kiswahili kinatupa zawadi, maana saa zetu huanza kuhesabiwa asubuhi kama zile za Maandiko. Muumini anaelewa papo hapo kwamba ni adhuhuri, jua likiwa utosini.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa, yaani mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mshororo wa mizani nane, uishie kwa neno lolote lenye silabi mbili au zaidi, lazima ukazwe kwenye mzani wa saba, na wa nane uwe mwepesi. Sauti inayofaa ni ile inayoanza moja kwa moja kwenye pigo zito, ili mizani ya 1, 3, 5 na 7 iangukie mapigo yenye nguvu. Katika 4/4, kila mzani ukipewa pigo moja, mshororo unajaza vipimo viwili kamili. Sauti nyingi za tenzi tulizozipokea kutoka Ulaya huanza na pigo jepesi na kutua kwa nguvu kwenye silabi ya mwisho. Ukizivisha Kiswahili utasikia watu wakiimba “kisimaNI”, na sikio linaumia hata kwa asiyejua nota.

Mimi mwenyewe niliangukia shimo hilo kwa njia nyingine. Sauti yangu ilianza vizuri, lakini nilirefusha nota ya mwisho ya kila mshororo ili waamini wavute pumzi. Urefu ule uliipa silabi ya nane uzito usio wake. Nilitambua tu nilipowaomba wanakwaya waseme maneno kwa sauti ya kawaida, kisha waimbe, mara tatu kwa kupokezana. Dawa ilikuwa kurefusha mzani wa saba badala ya wa nane, na pumzi ikapata nafasi yake kwenye kituo kifupi.

Mkazo unatawala hata uchaguzi wa maneno. “Kisima changu kikavu” kina mizani nane, lakini mikazo iko kwenye wa 2 na wa 4, kinyume na sauti, ndiyo maana nikaandika “Moyo wangu ni mkavu”. Kuna pia ile m inayosimama peke yake kama silabi. Katika “mwanamke” mkazo unaikalia m hiyohiyo, na kwaya ikifika pale kwenye pigo zito inafunga midomo na wimbo unazimika. Kwa sababu hiyo mama yule nimemwita “wa mtungi”. M ya mtungi imeangukia mzani wa sita, ulio mwepesi, inapita bila kuonekana. Dominika ya pili nililazimika kuliacha neno “mlimani”, kwa kuwa katika “Yesu yupo mlimani” m inafungua kipimo cha pili. “Yesu yupo kileleni” inaimbika.

Majuma mawili yalikataa mpangilio. Kwa Lazaro, “Yesu yupo kaburini” ingekuwa kosa kubwa, maana hayo ni ya Jumamosi Kuu. Nikaandika “Anaita kaburini”. Kwa kipofu, ukisoma Yohane 9 kwa utulivu unaona kwamba Yesu hayupo katika sehemu kubwa ya sura: anamtuma, kisha yule mtu anabishana na watu peke yake mpaka Yesu amtafute tena. Nikaweka “Akanawe birikani”, na jina la Yesu nikaliacha lisitajwe mpaka ubeti wa tatu. Kwa jangwani na mjini, yenye silabi tatu tatu, “Bwana wetu yu jangwani” na “Bwana wetu yu mjini” zilitosha.

Nyimbo hizi tunaziimba wakati wa komunyo. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, Injili za Mwaka A zikisomwa, antifona ya komunyo katika Misale hutoka kwenye Injili ileile, kwa hiyo wimbo unakaa mahali ambapo Kanisa lenyewe limerudia somo. Katika Kwaresima kinanda hupigwa kusaidia waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, ile ya furaha, pamoja na sherehe na sikukuu. Kwa hiyo sauti lazima isimame bila kinanda: nota zisizidi oktava moja, mikato iwe mifupi.

Mwaka B na C kuna kazi ya kurudia, lakini si yote. Jaribu la jangwani na kugeuka sura hubaki Dominika ya kwanza na ya pili kila mwaka; Marko hasimulii yale majaribu matatu moja moja, hivyo ubeti wa pili wa jangwani hubadilika. Hasa penye wakatekumeni wanaojiandaa kwa ubatizo wa Pasaka, masomo ya Mwaka A ya Dominika ya tatu hadi ya tano yanaweza kutumika mwaka wowote. Yasipotumika, Dominika ya tatu ya Mwaka B Yesu yuko hekaluni, na ya nne ya Mwaka C mwana mpotevu anarudi nyumbani.