Maneno ya mkia mrefu: jinsi blogu changa inavyotafuta nafasi isiyogombaniwa Google

Maneno machache huandikwa kwenye Google na watu wengi mno, na maneno mengi mno huandikwa na watu wachache wachache. Ukiyapanga yote kwenye grafu, kuanzia linalotafutwa zaidi, mstari unaanza juu sana upande wa kushoto, unashuka ghafla, kisha unaenda mbali kulia ukiwa umelala chini. Sehemu hiyo iliyolala ndiyo inayoitwa mkia mrefu. Ni ndefu kweli: Google yenyewe imesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona kabla.

Kinachofanya neno liwe la mkia mrefu ni uchache wa wanaolitafuta, wala si wingi wa maneno yake. "Jinsi ya kuangalia matokeo ya kidato cha nne" ni maneno manane, lakini NECTA wanapotangaza matokeo, nchi nzima inaliandika na kila tovuti ya habari inaligombania. Kwa upande mwingine, "kodi ya jengo luku mpangaji" ni maneno matano tu, na anayeyaandika yuko peke yake na swali lake. Ni kweli kwamba kadiri mtu anavyoongeza maneno ndivyo swali lake linavyokuwa mahususi, na ndiyo maana vitu hivi viwili huchanganywa, ila ukichagua kwa kuhesabu maneno utajikuta umesimama kwenye foleni ileile ya wakubwa.

Kwa blogu iliyofunguliwa mwezi huu jambo hili lina uzito wa pekee. Tovuti nyingine hazijaiwekea viungo, hakuna anayeitafuta kwa jina, na Google haina historia yake ya kuitegemea. Makala ikigongana na tovuti kongwe kwenye swali lilelile, na zote mbili zimelijibu vizuri, kongwe itakaa juu. Nafasi ya mgeni iko pale ambapo swali linaulizwa kweli na hakuna aliyelijibu sawasawa. Kazi yote ya kutafuta maneno ni kupambanua sehemu hizo, na hapo ndipo wengi wanapopotezwa na namba.

Namba ya kwanza inayopoteza ni ile ya Keyword Planner, kifaa cha Google cha kutafuta maneno. Ina safu iliyoandikwa Competition, na mwanablogu akiona Low anadhani amepata. Safu hiyo inapima watangazaji wanaolipia matangazo kwenye neno hilo, haisemi lolote kuhusu makala zinazoshindania nafasi za bure. Maneno mengi ya Kiswahili yataonyesha Low kwa sababu tu hakuna kampuni inayoyalipia. Namba ya pili ni kiwango cha ugumu kinachotolewa na vifaa kama Ahrefs, ambacho kwa sehemu kubwa kinahesabu tovuti ngapi zimeweka viungo kwenda kwenye kurasa zilizo juu. Kwa Kiswahili, ukurasa mzuri kabisa wa wizara au wa gazeti unaweza kuwa hauna viungo karibu vyovyote. Kifaa kitasema sifuri, na bado hutauondoa pale juu. Tena vifaa hivi vina data kidogo ya lugha yetu, hivyo "sifuri kwa mwezi" mara nyingi humaanisha kwamba kifaa hakina taarifa, si kwamba hakuna anayetafuta.

Kipimo ninachokiamini ni ukurasa wa kwanza wa matokeo wenyewe, usomwe kwa jicho la muulizaji. Tuchukue mfano wa blogu mpya ya mambo ya wapangaji wa Dar es Salaam.

Wazo la kwanza la mwandishi litakuwa "nyumba za kupanga dar es salaam". Anayeandika hivyo anataka kuona vyumba, picha, bei na namba ya dalali. Google itampa tovuti za matangazo ya nyumba na kurasa za mitandao ya kijamii zenye mamia ya vyumba. Makala ya maneno 1,000 haina pa kuingilia hapo, hata ingeandikwa kwa ufundi gani, kwa sababu si kitu anachokihitaji mtafutaji. Wazo la pili, "bei ya uniti ya umeme", lina jibu fupi ambalo TANESCO, EWURA na magazeti wanalitoa, na mara nyingi msomaji analiona palepale bila kubonyeza popote. Yote mawili yaachwe.

Sasa ashuke kwenye maisha ya nyumba yenyewe. Nyumba ya wapangaji wanne Tabata au Mbagala, mita moja ya LUKU, mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi kila asubuhi, wa tatu ana taa mbili na redio. Kila uniti zinapoisha, mgogoro. Maswali yanayotoka kwenye nyumba hii hayana mwisho: tugawane vipi, mwenye friji aongeze kiasi gani, mita ndogo ya kila chumba inafungwa na nani, na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni mzigo wa mpangaji au wa mwenye nyumba. Maswali haya hayatoki kwenye kifaa chochote. Yanatoka kwa watu, na mwandishi anayeishi humo ana mtaji ambao tovuti kubwa haina.

Hatua inayofuata ni kuyapeleka kwenye sanduku la Google na kutazama linavyojimalizia. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isiingilie, andika "luku wapangaji" kisha acha nafasi na ujaribu herufi moja baada ya nyingine. Halafu rudisha kielekezi mwanzoni mwa maneno na uanze na "jinsi ya", "nani", "kwa nini", "tofauti ya", kwa sababu mapendekezo hubadilika kulingana na mahali unapoandikia. Google hupendekeza kwa kutazama yale ambayo watu wameyatafuta. Pendekezo likijitokeza, kuna binadamu nyuma yake. Lisipojitokeza, usilitupe hapohapo. Nikilisikia swali lilelile kwa watu wasiojuana, wa Kimara na wa Kigamboni, naliweka kwenye orodha. Nikilibuni mwenyewe mezani na Google pia hailijui, naliacha, maana hakuna ushindani kwa sababu hakuna muulizaji.

Tuseme limebaki "jinsi ya kugawana umeme wa luku kwa wapangaji". Litafute na ufungue matokeo yote kumi, moja baada ya jingine. Nafasi ipo ukikuta mambo ya namna hii: mjadala wa miaka mingi JamiiForums ambamo watu wanabishana bila kufikia hesabu, ukurasa wa namna ya kununua uniti kwa simu, ambao Google imeuleta kwa sababu tu una neno LUKU, ukurasa wa Kenya unaoeleza tokeni za huko, au habari ya gazeti kuhusu kukatika kwa umeme. Hizo ni dalili kwamba Google imekosa jibu na imejaza nafasi kwa kinachokaribia. Mimi sitosheki na ukurasa mmoja dhaifu. Nataka kuona angalau kurasa tatu kati ya kumi zisizojibu swali, na mojawapo iwe kwenye tano za juu. Ukikuta kinyume, yaani makala nne zenye swali hilo kwenye kichwa na hesabu ndani yake, hata kama ni za blogu ndogo, basi neno limeshapata wenyewe.

Kuna amri mbili za kuthibitisha haraka:

```
intitle:luku intitle:wapangaji
"kugawana umeme" wapangaji
```

Ya kwanza inaleta kurasa zenye maneno yote mawili kwenye kichwa, ya pili inaleta zilizo na kifungu hicho neno kwa neno. Usiitegemee idadi ya matokeo ambayo Google huikadiria. Tazama kurasa zenyewe zinazotokea, na kama ni chache na hazihusiani, umethibitisha ulichokiona.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Jambo hilohilo mtu mmoja ataliandika "kugawana umeme", mwingine "kuchangia luku", mwingine "kushare luku", kama vile chumba chenye choo ndani kinavyotafutwa kwa "chumba master", "chumba masta" na "self". Mwandishi mgeni huandika makala tatu kwa maneno matatu, na zote tatu zinaishia kunyang'anyana nafasi. Tafuta kila moja kivyake, kisha ulinganishe kurasa zao za kwanza. Kurasa nyingi zikiwa zilezile, Google inayaona kama swali moja, basi makala iwe moja, neno lililozoeleka zaidi liende kwenye kichwa na mengine yatumike ndani pale yanapokaa vizuri. Kurasa zikiwa tofauti kabisa, kwa mfano "mita ndogo ya umeme kwa wapangaji" ikileta wauzaji wa vifaa, hiyo ni makala nyingine.

Na makala yenyewe ijibu kwa namna ambayo zile kumi hazikujibu. Kwa swali letu maana yake ni hesabu: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja mfululizo inakula uniti moja, kwa hiyo vyombo vya kila chumba viorodheshwe kwa wati na saa za matumizi, jumla ya kila chumba ipatikane, na mchango ugawanywe kwa uwiano huo. Weka jedwali ambalo wapangaji wanne wanaweza kulijaza wakiwa wamekaa kibarazani.

Baada ya kuchapisha, unganisha blogu na Search Console ya Google, ambayo ni ya bure, na uipe wiki kadhaa. Kwenye Performance, chagua ukurasa huo kisha fungua Queries. Hapo utaona maneno ambayo watu wameyaandika hadi makala yako ikatokea, pamoja na nafasi yake ya wastani. Chujio hili, likiwekwa kwenye Custom (regex), linabakiza yale tu yanayoanza na maneno kama haya:

```
^(je|jinsi|namna|kwa nini|nani|bei|tofauti)\b
```

Maneno yanayotafutwa na watu wachache mno Google huyaficha kulinda faragha yao, kwa hiyo orodha haitakuwa kamili. Yaliyobaki yana thamani kuliko kifaa chochote cha kulipia. Kisha ondoa chujio na utazame hasa yale ambayo makala inashika nafasi ya 8 hadi ya 20 bila wewe kuyakusudia. Ukiona "mwenye nyumba anakataa kuweka mita ndogo afanyeje" iko nafasi ya 14, na ndani ya makala umeligusa kwa sentensi moja tu, Google inakuonyesha kwamba hata sentensi hiyo moja imetosha kukuleta karibu na juu. Litafute, usome ukurasa wake wa kwanza kama ulivyosoma ule wa mwanzo, na kama kumi zake ni dhaifu, makala inayofuata umeshaipata, na kiungo cha kwanza kwenda kwake kitoke kwenye sentensi ile.